Ujumbe wa kumkaribisha mwenzako wa kazini unaposikika kama fomu: dalili, chanzo na marekebisho

Mwongozo huu unahusu ujumbe mmoja tu, ule mfupi ambao mfanyakazi wa kawaida, asiye bosi wala ofisa utumishi, anamwandikia mwenzake anayeanza kazi kesho. Tangazo rasmi la idara ya utumishi lina kazi yake na hatutaligusa. Hilo linapaswa kufanana kwa kila anayeajiriwa, kwa kuwa linataja jina, cheo na tarehe ya kuanza, na hakuna anayelisoma akitarajia kuguswa moyo. Tatizo huanza pale mtu mtakayekaa naye chumba kimoja anapokuandikia kwa sauti ileile ya tangazo, ukabaki hujui kama amekukumbuka wewe au ametimiza wajibu tu.

Nimechagua mfano wa ofisi ndogo ya uwakala wa forodha iliyoko Posta, Dar es Salaam, kwa sababu katika ofisi za namna hiyo watu ni wachache, makaratasi ni mengi, kundi la WhatsApp ni moja, na kila anayeingia anaonekana. Mgeni wa mfano tumpe jina la Neema. Ni mhasibu, anatoka Mwanza alikokuwa akishika hesabu za kiwanda cha kuchakata samaki, na anaanza kazi Jumatatu. Habari hizo meneja amezieleza katika barua pepe aliyoituma kwa ofisi nzima. Anayemwandikia tumwite Rehema, mhasibu mwenzake, ambaye meza yake itatazamana na ya Neema. Siku Neema alipokuja kusaini mkataba walisalimiana mapokezi, na Neema, ambaye amefikia Kimara, akamuuliza kama basi la mwendokasi linafika karibu na ofisi. Rehema amepewa namba ya Neema na meneja, kwa ridhaa ya Neema mwenyewe. Jumapili jioni anaandika hivi:

> Habari Neema. Karibu sana katika familia yetu. Tunafurahi kuwa nawe na tunaamini utakuwa na mchango mkubwa katika timu. Jisikie uko nyumbani na usisite kuuliza jambo lolote. Karibu tujenge taifa!

Hakuna sentensi yenye kosa hapo, na Rehema hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, ujumbe huu una kasoro zinazoonekana kwa dalili, na kila dalili ina chanzo chake.

Dalili: mgeni anajibu "Asante sana" na mazungumzo yanaishia hapo

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na wengi hawaioni kuwa ni dalili, kwa sababu jibu limekuja na lina adabu. Lakini mtu aliyeandikiwa jambo linalomhusu hujibu kwa jambo. Akijibu kwa neno la shukrani peke yake, au kwa picha ya viganja viwili vilivyounganishwa, mara nyingi ni kwa sababu hakupewa kitu kingine cha kujibu.

Chanzo chake ni rahisi kukithibitisha. Chukua ujumbe wako, ondoa jina la Neema, weka jina la dereva aliyeajiriwa mwaka jana, kisha usome tena. Kama bado unamfaa dereva yule bila kubadilisha kitu, basi haukuandikwa kwa Neema. Ujumbe wa Rehema unashindwa kabisa jaribio hili: "familia yetu" inamfaa kila mtu, "mchango mkubwa" unamfaa kila mtu, na hata "tunafurahi kuwa nawe" inasemwa kabla ya mtu kuwa naye. Kuongeza maneno matamu hakusaidii. Wengi wakihisi ujumbe umepoa huongeza "sana" mbili, moyo mwekundu na alama tatu za mshangao, lakini ujumbe unabaki ule ule.

Kinachousaidia ni mambo mawili: jambo moja lililotoka kwa mgeni mwenyewe, na jambo moja litakalomfaa Jumatatu asubuhi. Mara nyingi mambo hayo mawili hukutana, na hapo ndipo ujumbe unapokuwa mfupi bila kuwa mtupu. Rehema tayari analo mkononi. Neema aliuliza kuhusu mwendokasi, na jibu la swali hilo haliwezi kuandikiwa mtu mwingine yeyote. Pia ni jibu linalohitajika kweli, kwa kuwa kutoka Kimara mabasi hayaendi sehemu moja: mengine huishia Kivukoni na mengine Gerezani, upande wa Kariakoo. Mtu anayekwenda Posta akipanda la Gerezani atajikuta mbali na anakokwenda, siku ambayo hapendi kuchelewa hata kidogo. Sentensi ya kumwambia apande la Kivukoni na ashuke kituo cha Posta ya Zamani ina ukarimu mwingi kuliko "jisikie uko nyumbani", na inamwonyesha kwamba alipouliza kuna mtu alisikiliza.

Hapa naomba nisisitize mpangilio wa uzito, kwa sababu ndipo watu wanapochagua vibaya. Jambo ambalo mgeni alilisema au aliliuliza mwenyewe ni bora kuliko jambo lililoandikwa juu yake na meneja, na jambo lililoandikwa na meneja ni bora kuliko jambo ulilolichimba mwenyewe mahali pengine. Hivyo, ingawa habari ya kiwanda cha samaki inavutia, Rehema aiache kwa sasa. Itakuwa mada nzuri wakikaa kula.

Kama hamjawahi kuonana, basi barua pepe ya meneja ndiyo itakayokupa pa kuanzia, mradi uiunganishe na kazi iliyopo badala ya kuisifia. "Nimevutiwa sana na uzoefu wako" ni sifa ya hewani. Lakini ukiandika, "Meneja ametueleza kwamba ulikuwa unashika hesabu za kiwanda cha samaki Mwanza, hapa jambo la kwanza utakalokutana nalo ni kulinganisha ankara za mizigo na stakabadhi za malipo, na Jumanne asubuhi nitakaa nawe tulipitie pamoja," umetaja alikotoka, umemwonyesha anakokwenda, na umejiweka kando yake.

Dalili: ulimwambia "usisite kuuliza", na wiki nzima hajauliza kitu

Dalili hii huonekana baadaye, na hujitokeza katika mambo madogo. Mgeni anashuka ghorofa tatu kutafuta maji ya kunywa wakati chupa kubwa iko nyuma ya kabati. Anasubiri kuchapisha karatasi mpaka mtu mwingine aende kwenye mashine, kwa sababu hajui namba ya siri. Mchana anabaki mezani na biskuti, akisema hana njaa. Aliyemwandikia anashangaa, maana alimwambia wazi kwamba aulize.

Chanzo ni kwamba "uliza chochote" inamwachia mgeni kazi yote. Kwanza inabidi ajue asichokijua, pili apime kama swali lake ni dogo mno au kubwa mno, tatu akisie saa ambayo hatakusumbua. Juu ya hayo kuna malezi yetu: mtu aliyelelewa vizuri hafiki ugenini akaanza kuomba. Kwa desturi mwenyeji ndiye anayetangulia, na wazee waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walimpa mwenyeji jukumu la siku zile mbili. Ofisini mara nyingi tunafanya kinyume chake, tunampa jembe siku ya kwanza na kumwambia aulize mpini uko wapi.

Marekebisho ni kuondoa ahadi ya jumla na kuweka ahadi moja yenye saa na mahali. Kwa mfano: "Saa 7 mchana huwa tunakwenda watatu kula kwa mama lishe wa mtaa wa nyuma, nitakupitia mezani twende pamoja." Neema hahitaji kuuliza kitu. Anahitaji tu kukubali au kukataa, na katika matembezi yale ya dakika chache maswali yote madogo yatajitokeza yenyewe, pamoja na lile la namba ya siri ya mashine ya kuchapisha.

Acha mlango wa kukataa, na uuache bila kuuliza sababu. Huenda amebeba chakula chake, huenda amefunga, huenda siku ya kwanza meneja amempangia kikao. Maneno kama "ukiwa na nafasi" yanatosha. Usiandike "kama hufungi", hata wakati wa Ramadhani au Kwaresima, kwa sababu utakuwa umeanza kukisia dini yake kwa jina lake. Kwa sababu hiyo hiyo, salamu za dini mwachie mgeni azianze mwenyewe. "Habari za jioni" inamfikia kila mtu.

Saa nazo zina mtego wake. Barua ya ajira mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza ikisema kazi inaanza 8:00, na sisi katika ujumbe tunaandika saa 2 asubuhi, ambayo ni muda ule ule. Mtu aliyezoea hutafsiri bila kufikiri, lakini mtu mwenye wasiwasi wa siku ya kwanza, akiwa na barua inayosema 8 na ujumbe unaosema 2, atasoma mara tatu. Andika daima sehemu ya siku pamoja na saa: saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni. Usiandike "saa 7" peke yake, na usichanganye mitindo miwili katika ujumbe mmoja.

Dalili: jibu linakuja kwa tahadhari, fupi na rasmi kuliko ulivyotegemea

Rehema akiambiwa ujumbe wake wa kwanza umepoa, anaweza kwenda upande wa pili kabisa na kuandika hivi:

> Mambo kipenzi! Nimeona kwenye ukurasa wako kuwa una mtoto mdogo na unaimba kwaya, hongera sana. Wewe ndiye mkombozi wetu, maana tangu mhasibu aliyepita aondoke ankara zimetuzidi na meneja hataki kusikia. Njoo upesi!

Ujumbe huu haumfai dereva wa mwaka jana, kwa hiyo unalipita jaribio la jina. Lakini Neema atajibu, "Asante, nashukuru," na ataingia kazini akiwa amejifunga zaidi kuliko kama asingeandikiwa. Hapa kuna vyanzo vitatu vilivyofungana, na ni vizuri kuvitenganisha kwa sababu kila kimoja huonekana mahali tofauti.

Cha kwanza ni mahali habari ilikotoka. Neema hakumwambia Rehema kwamba ana mtoto. Hata kama picha ziko wazi mtandaoni, kuzitaja kabla hamjazoeana kunamwambia kwamba amechunguzwa. Swali la kujiuliza ni hili: je, Neema akiuliza "umejuaje?", nina jibu ambalo halitanifanya niinamishe macho? "Uliniuliza mapokezi" ni jibu zuri. "Meneja alituandikia sote" ni jibu zuri. "Nilipitia picha zako" si jibu zuri. Namba ya simu nayo iko katika kundi hili hili. Namba aliyoiandika mgeni kwenye fomu ya ajira aliitoa kwa ajili ya ajira, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa. Usiichukue namba kwenye faili kimyakimya, na usimwingize mtu kwenye kundi la ofisi kabla hajaulizwa. Kama hukupewa namba kwa ridhaa yake, mwandikie kwa barua pepe ya ofisi asubuhi ya siku ya kwanza.

Cha pili ni mzigo. Kumwita mgeni mkombozi kunasikika kama sifa, lakini anachokisoma yeye ni kwamba kuna lundo la ankara linalomsubiri na mtu aliyeondoka kwa sababu asiyoijua. Nafahamu kwamba mara nyingi ni kweli, na kwamba aliyebeba kazi ya watu wawili kwa miezi anaandika kwa moyo mweupe akiona msaada unakuja. Bado habari hiyo mahali pake ni kwenye makabidhiano, ikielezwa na meneja, na takwimu zikiwa mezani. Neno baya juu ya meneja ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linamlazimisha mgeni achague upande kabla hajaijua hata njia ya kwenda maliwatoni.

Cha tatu ni ukaribu wa kulazimisha. "Kipenzi", "mpenzi" na "mrembo" hutumiwa sana na wanawake wa ofisi za Dar es Salaam kati yao, na wakishazoeana ni maneno mazuri. Kwa mtu ambaye mmeonana dakika mbili, yanamwambia ajibu kwa kiwango hicho hicho cha ukaribu, naye huenda si desturi yake.

Dalili: umemwita kwa namna fulani na yeye katika jibu amejirekebisha

Mgeni akiandikiwa "dada" na akasaini "Bi. Neema", au akiandikiwa "Mama" na akajibu akitaja jina lake la kwanza tu, amekuonyesha kwa upole kwamba hukulenga. Hili linahitaji uangalifu kuliko mengine yote, kwa sababu namna ya kuita ndiyo neno la kwanza analosoma, na kwenye skrini iliyofungwa ndilo pengine neno pekee linaloonekana pamoja na salamu.

Kwa mtu mnayekaribiana umri na cheo, "dada Neema" au "kaka" likifuatiwa na jina ni salama. Kwa mtu aliyekuzidi umri kwa wazi, ongeza salamu ya heshima katika ujumbe wa faragha, "Shikamoo", kama ambavyo ungemsalimia mkikutana kwenye ngazi. Kuiacha kwa sababu tu mnaandikiana kwa simu kunaweza kuonekana kama utovu wa adabu. Kwenye kundi la ofisi lenye watu wa rika zote ni afadhali kutumia "Habari za asubuhi", kwa sababu shikamoo moja inayosomwa na watu ishirini inawaacha wengine hawajui kama waiitikie. "Mama" na "Mzee" usitumie kwa kukisia. Mwanamke wa miaka arobaini anaweza kulipokea jina la Mama kama heshima, na mwingine wa umri huo huo akaona umemzeesha. Kama huna uhakika, tumia jina kama meneja alivyolitumia alipomtambulisha, ukitanguliza "Ndugu" au "Bi" kama ofisi yenu ni ya namna hiyo. Baada ya siku mbili utamsikia mwenyewe anavyojitaja kwenye simu, na hapo utafuata.

Kuna jambo ambalo wanaume tunalipuuza na hatupaswi. Ujumbe wa faragha wa Jumapili jioni kutoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamke anayeanza kazi, wenye mwaliko wa chakula, unaweza kusomeka kama jambo lingine hata kama mwandishi hakulifikiria. Marekebisho hayahitaji maelezo marefu. Tumia wingi, "huwa tunakwenda watatu", taja kazi inayowakutanisha, usiweke mioyo wala maua, na kama yupo mwenzako wa kike atakayekaa jirani naye zaidi, mwachie yeye aandike.

Dalili: ujumbe unasikika kama umetoka kwa uongozi

Utaigundua kwa "tu-" iliyojaa kila mahali: tunafurahi, tunaamini, tunatarajia. Chanzo ni kwamba mwandishi ameazima sauti ya kampuni kwa sababu anaona haya kutumia yake. Andika "mimi" mahali ulipo wewe, na "tu-" ibaki tu pale ambapo mko wengi kweli, kama kwenye kwenda kula. Kisha soma kwa sauti. Sentensi ambayo usingeweza kuisema ukiwa umesimama naye kwenye ngazi, ifute. "Mchango mkubwa katika timu" itaondoka yenyewe.

Ujumbe baada ya kurekebishwa

> Habari za jioni, dada Neema. Ni Rehema, tulisalimiana mapokezi siku uliyokuja kusaini. Meza yangu inatazamana na yako. Kuhusu usafiri ulioniuliza: kutoka Kimara panda basi la Kivukoni, siyo la Gerezani, ushuke Posta ya Zamani. Njoo na kitambulisho, mlinzi wa chini hukiomba kwa mtu asiyemzoea. Saa 7 mchana huwa tunakwenda watatu kula kwa mama lishe wa mtaa wa nyuma. Ukiwa na nafasi nitakupitia. Karibu sana.

Umekuwa mrefu zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza, lakini hauwezi kutumwa kwa mtu mwingine kama ulivyo. Jina la mwandishi limekaa mwanzoni kwa sababu Neema hana namba ya Rehema kwenye simu yake, na ujumbe mzuri kutoka kwa namba isiyojulikana humfanya msomaji atumie nusu ya muda akijiuliza ni nani. Habari ya kitambulisho imeingia kwa sababu barua ya ajira haikuitaja na kukosa kitambulisho kungemkwamisha mlangoni. Hilo ndilo jambo la kutafuta unapoandika: kitu kidogo ambacho wenyeji wamekizoea mpaka hawakioni tena. "Karibu sana" imebaki, na imewekwa mwisho, ambako inabeba yote yaliyotangulia.

Kama unatumia ujumbe wa kawaida wa simu badala ya WhatsApp, ufupishe zaidi. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi zikiwemo, na ukiweka emoji hata moja kiwango hicho kinashuka hadi 70, hivyo maandishi yale yale hugawanywa na kutozwa kama jumbe nyingi zaidi. Katika hali hiyo bakiza jina lako, usafiri na kitambulisho. Habari ya chakula utamwambia ana kwa ana.

Dalili: kundini zimefuatana "Karibu sana" ishirini

Chanzo ni kwamba kila mtu ameandika alichoandika wa kwanza, na mgeni amebaki akishukuru mmoja mmoja au akishukuru wote kwa mkupuo. Hakuna ubaya mkubwa, ni adabu ya kundi. Ila kama una jambo la kumwambia usiliweke katikati ya foleni ile, kwani halitasomwa. Mwandikie pembeni, na kundini weka salamu yako fupi kama wengine.

Dalili: wageni wawili wamelinganisha simu zao

Hutokea hasa pale wanafunzi wa vyuo wanapokuja kwa mafunzo kwa vitendo, wawili au watatu kwa siku moja. Wanakaa benchi moja mapokezi, mmoja anaonyesha ujumbe aliotumiwa, na mwenzake anakuta wake ni ule ule isipokuwa jina. Hapo hata habari nzuri iliyomo inapoteza uzito. Dawa yake ni uwazi. Mambo ya wote, kama saa ya kufika, kitambulisho na mahali pa kula, yaandike mara moja katika ujumbe unaosema wazi kwamba unawaandikia wote na kuwataja kwa majina. Kisha kila mmoja mwandikie mstari wake wa jambo lake. Kama kwa mmoja wao huna jambo la kusema, usilitunge. Mwulize swali moja linalohusu kazi, kwa mfano kama amewahi kutumia mfumo wa hesabu unaotumika ofisini kwenu, na jibu lake litakupa la kuendelea nalo.

Dalili: hajajibu kabisa

Kabla ya kuutilia shaka ujumbe, angalia saa uliyoutuma. Kwa anayeanza Jumatatu, Jumapili kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku ni wakati unaofaa, kwa kuwa ndipo mtu anapoandaa nguo na kufikiria njia. Ukituma Ijumaa, habari ya basi itakuwa imesahaulika. Ukituma baada ya saa 3 usiku, utamkuta amelala au utamwongezea wasiwasi. Anayehama kutoka mkoani anaweza pia kuwa bado safarini, au amebadilisha laini ya simu.

Usitume ujumbe wa pili kuuliza kama wa kwanza umefika, na usimkumbushe mbele ya watu. Alama za kusomwa zikionekana bila jibu, huenda ameyatumia maelezo na akaona atakushukuru mkionana. Saa 7 kasoro dakika 10 mpitie mezani kama ulivyoandika, awe amejibu au hajajibu. Ikiwa siku hiyo umetumwa bandarini au kikao kimekushika, mwombe mmoja wa wale mnaokula nao ampitie badala yako, na mwarifu Neema kabla saa hiyo haijafika, umtajie jina la atakayekuja.